Chora Uwazi Kwanza: Nyumba ya Ghorofa Ndani ya Mita Saba

Saa saba mchana, jua la Dar es Salaam liko utosini, na ndani ya nyumba mpya taa tatu zinawaka. Moja ukumbini, moja jikoni, moja juu ya meza ya chakula. Mwenye nyumba ameweka marumaru nzuri na dari ya jipsamu, na madirisha ya alumini yapo kila chumba, lakini nusu yake yanatazama ukuta wa jirani ulio hatua moja na nusu kutoka kwenye kioo. Nyumba za namna hii zinaongezeka kila mwaka katika mitaa ya zamani kama Magomeni na Ilala, kwa sababu viwanja vilivyopimwa zamani kwa nyumba moja ya familia moja vinagawanywa kwa mirathi au kuuzwa vipande.

Kosa karibu kila mara hutokea kwenye karatasi, siku ya kwanza. Mchoraji huulizwa vyumba vingapi, naye huvipanga kimoja baada ya kingine hadi kiwanja kinajaa. Kinachobaki ndicho kinachoitwa nafasi ya hewa. Kwenye kiwanja chembamba utaratibu unatakiwa ugeuzwe: uwazi wa mwanga uchorwe kabla ya chumba chochote, kisha vyumba viuzunguke.

Watu wa pwani walilijua hili zamani. Nyumba ya mawe ya Lamu imebanana na wenzake, na upande wa barabara haina madirisha ya kutosha kumulika hata kabati. Mwanga unatoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ukaingia kumbi zake za misana na kufifia taratibu hadi ndani kabisa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, chini kidogo ya mita 3 kwa upana, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Kuta ni nyeupe kwa chokaa, na weupe huo una kazi: unarusha mwanga mbele. Nyumba ya Kiswahili ya bara na ya Dar, yenye ukumbi katikati, vyumba sita na uani nyuma, ilitumia njia nyingine. Ukifungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita moja kwa moja. Ghorofa za leo zimeacha vyote viwili, kiwanda na ukumbi wa upepo, na mahali pake zimeweka feni.

Kiwanja cha mfano

Tuchukue kiwanja cha marehemu baba, mita 14 kwa 20, barabara ikiwa mashariki. Warithi ni wawili, dada na mdogo wake wa kiume, na wamekubaliana kila mmoja apate upande wake. Dada anachukua kusini, mdogo wake kaskazini. Kila mmoja ana mita 7 za upana na 20 za urefu, yaani mita za mraba 140.

Kabla ya penseli kugusa karatasi, kuna safari mbili. Ya kwanza ni kwa mpima ardhi aliyesajiliwa, atafute bikoni. Ukuta wa jirani si mpaka, na michongoma si mpaka; mpaka ni mstari unaounganisha bikoni mbili, na si ajabu mstari huo ukapita katikati ya banda la kuku la mtu. Sentimita 30 zilizopotea kwenye kiwanja cha mita 25 hazionekani. Kwenye mita 7 ni nusu ya kina cha kabati la nguo.

Safari ya pili ni ofisi ya mipango miji ya manispaa, kuuliza mambo mawili na kupata majibu kwa maandishi: je, kiwanja hiki kinaruhusiwa kugawanywa, na nafasi ipi lazima iachwe mbele, nyuma na ubavuni? Masharti hubadilika kwa eneo na kwa matumizi, kwa hiyo jibu alilopewa shemeji wa mtaa wa pili halifai kitu hapa. Ofisi inaweza kukataa kugawa hati kwa sababu vipande ni vidogo mno. Hapo warithi hawajakwama. Wanaweza kuwasilisha ramani moja ya nyumba pacha juu ya hati moja, na baadaye kila mmoja amiliki upande wake kwa kutumia sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo.

Tuseme jibu la ofisi ni hili: mita 3 mbele, 2 nyuma, 1.5 kwa majirani wa nje, na kwa mpaka wa ndugu hao wawili wanaruhusiwa kujenga hadi kwenye mstari, mradi ukuta huo usiwe na dirisha. Hivi ni vipimo vya mfano, lakini hesabu yake ni ileile popote.

Kama dada angeacha mita 1.5 pande zote mbili, angebaki na jengo la mita 4 kwa 15. Toa unene wa kuta pamoja na lipu, sentimita 20 kila upande, ndani unapata mita 3.6. Hapo chumba na korido haviwezi kukaa sambamba. Lazima upite chumba kimoja kwenda kingine, kama behewa la treni. Akijenga hadi kwenye mstari wa ndugu yake, jengo linakuwa mita 5.5 kwa 15, na ndani mita 5.1. Ameongeza mita za mraba 22.5 kwa kila sakafu, kutoka 60 hadi 82.5. Ndiyo sababu ukuta wa mpakani unavutia, na ndiyo sababu unahitaji adabu.

Ile mita 1.5 ya kusini nayo isidharauliwe. Watu wengi huigeuza stoo ya mabati chakavu na ndoo zilizopasuka. Kwenye nyumba hii ndiyo njia ya bomba la majitaka, ndiyo dirisha la jiko na la choo, na ndiyo mlango wa upepo wa kusi unaovuma kutoka kusini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Isifunikwe kwa bati, hata kipande.

Uwazi una ukubwa gani?

Swali hili hujibiwa kwa mazoea, na mazoea yanasema mita 1 kwa 1 inatosha. Haitoshi, na jiji la New York lililipia somo hilo. Viwanja vyake vya nyumba za kupanga vilikuwa na upana wa mita 7.6, karibu sawa na cha dada yetu. Sheria ya mwaka 1879 ilidai kila chumba kiwe na dirisha la nje, wajenzi wakatii kwa kubana jengo kiunoni, kila upande wakaacha uwazi wa takriban sentimita 70. Majengo mawili yakikaa sambamba, uwazi wa pamoja ulikuwa kama mita 1.4, ukishuka orofa tano au sita. Mwanga haukufika chini. Wapangaji walitupa taka madirishani, harufu ikapanda juu, na moto ulipozuka shimo lile lilifanya kazi ya bomba la moshi. Mwaka 1901 sheria mpya ilipiga marufuku uwazi wa aina hiyo na kudai nyua pana zaidi.

Dar ina bahati ambayo New York haina: jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Jiji liko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama juu kabisa. Mwezi Juni linaegemea kaskazini nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba linaegemea kusini chini ya nyuzi 17. Kwa hiyo Juni ndiyo mwezi wa kupimia uwazi wako, kwa sababu ndipo jua linapolala zaidi.

Hesabu ni nyepesi. Jua la Juni likiwa kwenye nyuzi hizo 30, kila mita moja ya upana wa uwazi kutoka kaskazini kwenda kusini inaliruhusu lishuke mita 1.7. Nyumba ya dada ina sakafu mbili, kuta zake zina mita 6. Akiacha uwazi wa mita 1, jua la adhuhuri linashuka mita 1.7 tu, na sakafu ya chini inabaki na mwanga wa kuazima. Akiacha mita 2.4, linashuka mita 4.1 na kugota kwenye ukuta mita 1.9 juu ya sakafu ya chini, takriban usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Ukuta huo ukiwa mweupe, meza ya chakula iliyo karibu inapata mwanga wa kusomea bila taa. Desemba, jua lenyewe linafika chini na kuacha ukanda wa zaidi ya nusu mita sakafuni.

Basi dada anachora uwazi wa mita 2.4 kwa 3, ukiegemea mpaka wa ndugu yake upande wa kaskazini. Ni mita za mraba 7.2. Mafundi watamwambia amepoteza chumba cha mtoto.

Hapa ndipo undugu unapoleta faida ambayo pesa hainunui. Mdogo wake anajenga nyumba ileile iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wakikubaliana uwazi wake ukae mgongoni mwa uwazi wa dada, mahali hapo ukuta wa mpakani haubebi chumba chochote, kwa hiyo unaweza kuishia mita 2.1 kutoka chini, kimo cha uzio wa kawaida. Juu yake kunakuwa na anga moja ya upana wa mita 5 hivi, na jua la Juni linafika hadi sakafuni upande wa dada. Kila mmoja ametoa mita 2.4 na amepata 5. Ni wazo lilelile la New York, tofauti ikiwa kwamba upana umezidi mara tatu na kimo kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Ila sitara iangaliwe. Madirisha ya juu yanatazamana kwa mita 5, na wake na mabinti wa nyumba zote mbili wanaishi humo. Vioo vya ukungu hadi usawa wa mita 1.5, au madirisha yapishane yasikabiliane, vinatatua jambo. Tena makubaliano yaandikwe: hakuna atakayeezeka uwazi wake wala kuinua ukuta ule bila ridhaa ya mwenzake, na sharti hilo limfunge hata atakayenunua. Wakili aliandike, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, na mchoro uambatanishwe. Leo ni kaka na dada; baada ya miaka kumi na tano huenda mmoja wao akawa ameuza.

Vyumba vinajipanga

Uwazi ukishakaa, mambo mengine yanafuata kwa utulivu. Kutoka barabarani, urefu wa ndani wa mita 14.6 unagawanyika mara nne. Sebule mbele, mita 4 kwa kina. Kisha ukanda wa uwazi, mita 3, ambapo upande wa kusini wa uwazi kunabaki mita 2.5 za meza ya chakula. Kisha ukanda wa ngazi na jiko, mita 3. Mwisho chumba cha kulala na bafu nyuma, mita 4. Kuta tatu za katikati zinachukua sentimita 60 zilizobaki.

Sebule imepewa mita 4 kwa sababu mwanga wa dirisha unaingia ndani kwa manufaa kiasi cha mara mbili, ukijitahidi mara mbili na nusu, ya urefu wa kichwa cha dirisha kutoka sakafuni. Renta ikiwa mita 2.1, unapata mita 4 na kidogo. Ukitaka chumba kirefu zaidi, inua renta. Kuongeza upana wa dirisha hakusaidii kina. Sebule ya dada ina dirisha barabarani na jingine uwazini, kwa hiyo haina kona yenye giza, na upepo unapita.

Ngazi inaegemea ukuta wa mpakani, ikigeuka mara moja katikati. Kimo cha mita 3 kati ya sakafu kinahitaji vipandio 17 vya sentimita 17.6, mkono wa kwanza unachukua mita 2 na kituo chake mita 1, jumla mita 3 za ule ukanda. Kuweka ngazi pale kuna sababu tatu: haihitaji dirisha lake, inapata mwanga wa uwazi kupitia tundu ukutani, na inazuia kelele za televisheni ya jirani zisifike mtu alipolala. Makabati nayo yaegemee ukuta huohuo.

Jiko linabaki jembamba, mita 1.7 kwa 3, likipakana na korido ya sentimita 95. Dirisha lake liko kusini, kwenye ule upenyo wa mita 1.5. Mama yeyote aliyewahi kukaanga samaki anajua kwa nini halikuwekwa uwazini: hewa ya moto hupanda, na moshi wa jiko ungeingia vyumba vya kulala vya juu kila jioni. Madirisha ya vyoo nayo yasielekee uwazini. Bafu la dada liko kona ya kusini magharibi, mita 1.5 kwa upana, na chumba cha kulala kando yake kina mita 3.4.

Shimo la majitaka liwe mbele, ndani ya zile mita 3. Gari la kunyonya halipiti kwenye upenyo wa mita 1.5, na mpira wake una mwisho.

Ukuta wa mpakani na msingi wake

Ukuta mmoja wa kuchangia unaokoa tofali, na Lamu wameishi nao kwa karne nyingi. Kwa tofali za saruji na warithi wanaoweza kuuza, kuta mbili ni salama zaidi: kila mmoja na wake, ndani ya mpaka wake, zikiachana sentimita 5. Mmoja akibomoa, mwenzake habaki uchi.

Tatizo liko chini ya ardhi. Msingi wa kawaida una zege la upana wa sentimita 60, na ukuta wa tofali za inchi 6 unakaa katikati yake, ukiacha sentimita 22.5 kila upande. Ukuta ukiwa mpakani, zile sentimita 22.5 za nje ziko kwenye ardhi ya mtu mwingine. Fundi mwaminifu atasogeza zege lote ndani, na hapo ukuta unakaa ukingoni mwa msingi badala ya katikati. Mzigo unakandamiza ukingo mmoja, zege linainama, na ukuta unaegemea kwa jirani. Dalili yake ni ufa wa usawa unaotokea ndani, chini ya ukuta, au mwanya mwembamba kati ya ukuta wa mpakani na kuta zinazoupiga kwa pembe. Dawa ni mkanda wa zege wenye nondo unaofunga msingi wa mpakani na msingi wa ukuta wa ndani, ili mmoja umzuie mwenzake asiiname. Nondo zake azipange mhandisi.

Ndugu wawili wana njia bora zaidi. Wamwage msingi mmoja wa pamoja, sentimita 90, mpaka ukipita katikati yake. Hata kama mdogo atajenga miaka mitano baadaye, ukuta wa dada utakuwa umekaa sentimita 10 tu kutoka katikati, na hiyo iko ndani ya theluthi ya kati ya msingi, kiasi kwamba hakuna ukingo unaonyanyuka. Gharama wagawane, na upana wa mwisho mhandisi authibitishe baada ya kuona udongo.

Kwa jirani wa nje hali ni nyingine, hasa nyumba yake ikiwa ya zamani yenye msingi mfupi. Mchanga wa Dar hauna subira. Ukichimba mfereji mrefu kando ya msingi wake na kwenda chini kuupita, mchanga unatiririka kutoka chini ya ukuta wake, na kesho yake kuna ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha. Chimba vipande vya mita 1, ruka viwili, mwaga zege, kisha rudi kwenye ulivyoruka. Usichimbe wiki za masika. Kabla ya jembe la kwanza, piga picha kuta zote za jirani pamoja naye, mbele ya mjumbe, kila mmoja abaki na nakala. Uingereza ilikwisha kulifanya jambo hili sheria mwaka 1996: mtu anayetaka kuchimba karibu na jengo la jirani humpa taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, na anayetaka kugusa ukuta wa pamoja humpa miezi miwili. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, mwezi mmoja wa taarifa ni nafuu kuliko kesi ya ardhi.

Jambo jingine husahaulika hadi mvua inyeshe. Uso wa nje wa ukuta wa mpakani hauwezi kupigwa lipu tena jirani akishajenga. Tofali za saruji zinanyonya maji kama mkate, na miaka miwili baadaye rangi ya sebule inabanduka bila bomba lolote kupasuka. Lipu ya nje ipigwe kozi kwa kozi, ukuta unapopanda, hata kama hakuna atakayeiona. Ukipanda juu, ukuta upite paa kwa angalau sentimita 30 na kenchi zisitokeze upande wa pili. Hilo linazuia moto kuruka na linazuia maji yako kudondokea kwake. Mwanya wa sentimita 5 kati ya kuta mbili ufunikwe kwa bati lililokunjwa, limefungwa upande mmoja tu ili nyumba zikitikisika lisichanike.

Maji na bomba la chini

Uwazi wa mita za mraba 7.2 ukipokea mvua ya milimita 50 kwa saa, ni lita 360. Hizo ni ndoo 18, hazimtishi mtu. Lakini paa la mita za mraba 40 likielekezwa humo, unaongeza lita 2,000. Dada ameelekeza paa lake mbele na nyuma, na uwazi unapokea mvua yake wenyewe tu.

Sakafu ya uwazi iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 15. Bomba la inchi 4 linapita chini ya jamvi kwenda kwenye upenyo wa kusini, likishuka sentimita 1 kwa kila mita. Bomba hilo linaweza kubeba mvua hiyo mara nyingi, kwa hiyo tatizo halitakuwa udogo wake. Litakuwa jani la mwembe, mfuko wa plastiki au kandambili ya mtoto. Ndiyo maana yanawekwa mabomba mawili, la pili likiwa sentimita 5 juu ya la kwanza. Siku moja kabla ya kumwaga jamvi, mimina ndoo tano uwazini na simama upande wa pili uhesabu dakika. Baada ya jamvi kumwagwa, kosa hilo linarekebishwa kwa nyundo na tindo.

Wengi hufunika uwazi kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga. Likikaa bapa juu ya ukuta, joto linanaswa na ghorofa ya juu inakuwa tanuri. Likilazimika, liinuliwe sentimita 60 na pande zake ziachwe wazi, ziwekwe wavu wa mbu. Dhidi ya wezi, nondo zilizosukwa kwenye kingo za juu zinatosha. Dhidi ya kunguru wa Dar, ongeza wavu wa kuku juu ya nondo.

Kabla ya kulipia ramani, kipo kipimo kimoja kisicho na gharama. Nunua chokaa na kamba, chora nyumba yote ardhini kwa vipimo vyake halisi, kuta kwa unene wake, ngazi, meza, kitanda. Mwite jirani na nduguyo. Simama ndani ya ule mstatili wa mita 2.4 kwa 3 saa saba mchana, nyoosha mikono, kisha sogeza kamba ya kusini hadi uwazi ubaki mita 1 na usimame tena. Fundi akija na hoja ya chumba cha mtoto, mwombe naye asimame humo kabla hujamjibu.